Geti la bahari na geti la kilima: mwaliko wa kisomo cha babu, Mikindani

Kila mwaka mwezi wa Julai ukoo wetu hukutana Mikindani kwa kisomo cha babu. Tunasoma, tunakula, na alasiri tunakaa kikao cha ukoo mpaka jua linakaribia kuzama. Kazi ya kuandika mwaliko imenikalia mimi kwa miaka kadhaa sasa, kwa sababu nilisema mara moja tu mbele ya mjomba mkubwa kwamba mwaliko wa mwaka ule haukueleweka. Akaniambia, "Basi mwanangu, wa mwakani utaandika wewe." Sikuweza kukataa.

Mwaka wa kwanza niliandika kama watu wengi wanavyoandika: karibuni nyumbani kwa marehemu babu, Mikindani, Jumamosi saa 4 asubuhi, ukifika uliza. Nilidhani nimemaliza. Siku ya siku simu yangu iliita mpaka chaji ikaisha kabla ya adhuhuri. Shangazi aliyetoka Newala alipitiliza hadi akaiacha bahari nyuma. Kosta ya watu wa Masasi iliingia kichochoro kisichoitosha ikakwama pale, mbele ukuta, nyuma bajaji tatu. Na jambo lililonichoma zaidi ni kwamba wakwe zetu wanaume, watu wa heshima waliokuja na kanzu zao nyeupe, walielekezwa na ramani ya simu hadi geti la nyuma. Wakatokea uani kabisa, katikati ya kina mama waliokuwa wamevaa kanga za kazini, wengine wameketi juu ya mbuzi wanakuna nazi. Kina mama wakatafuta pa kujisitiri, wageni wakatazama chini, na mimi nikawa katikati sijui niwapeleke wapi. Mama alisema maneno machache tu: "Wageni hawapitishwi uani." Kosa halikuwa lao. Lilikuwa la karatasi yangu.

Tangu hapo nimeandika mialiko mingine, na kila mmoja nimeurekebisha kwa kilichotokea. Nataka kueleza nilivyofika kwenye huu wa sasa, maana najua wengi huku kusini wana shughuli Julai na Agosti, na kila nyumba ina kona zake.

Kwanza kuhusu kushoto na kulia. Mikindani iko kandokando ya ghuba, kama kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, na barabara kuu ya kwenda Lindi inapita hapo hapo. Wageni wetu wanaingia kwa pande mbili. Wanaotoka Dar es Salaam na Lindi wanafika Mikindani kabla ya Mtwara. Wa Masasi nao wanaingia upande huo huo, kwa kuwa wanapita Ndanda, Nyangao na Mtama, wakifika Mnazi Mmoja wanaiacha njia ya Lindi na kushika ya Mtwara. Lakini wa Newala na Tandahimba wanashuka kwa njia ya Nanyamba hadi Mtwara mjini, halafu ndipo wanarudi Mikindani kwa upande wa pili. Pamoja nao wapo wanaoshuka uwanja wa ndege na wale wanaoishi Mtwara yenyewe.

Sasa mtu akiandika "kata kushoto," kushoto kwa nani? Kushoto kwa mtu wa Masasi ni kulia kwa mtu wa Newala. Mimi niliandika "kulia" kwa sababu nimezoea kutoka Mtwara, na nusu ya ukoo ikapotea. Mwaka uliofuata nikaandika mialiko miwili, mmoja kwa kila upande. Hiyo nayo haikusaidia, maana watu wanapelekeana. Mtu wa Masasi alimtumia binamu yake aliyepo Mtwara, na binamu akafuata maelekezo ya Masasi akiwa anatokea Mtwara.

Dawa niliipata kwa mzee mmoja mvuvi, jirani wa babu. Nilimwuliza kwake ni wapi, akanijibu, "Upande wa kilima, siyo upande wa bahari." Nikasimama pale barabarani nikatazama. Ukitoka Mtwara bahari iko mkono wako wa kulia. Ukitoka Lindi iko kushoto. Lakini bahari yenyewe haihami, na kilima hakihami. Mgeni yeyote, ametoka popote, ana macho ya kuona maji yako wapi. Tangu siku hiyo mwaliko wangu hauna kushoto wala kulia mpaka mtu awe ameshaacha barabara kuu. Akiwa ndani ya njia yetu, ambayo watu wote wanaipanda kwa kuelekea upande mmoja, hapo ndipo kulia kunakuwa kulia kwa kila mtu.

Ugonjwa huo huo una sura nyingine, na huu niliuona baadaye. Niliandika "kalvati la pili." Nilikuwa nimehesabu vizuri kabisa, makalvati mawili, letu la pili. Kabla ya kutuma nikampa mpwa wangu ambaye hajawahi kufika kwa babu, nikamwambia panda bodaboda kutoka Mtwara ufuate karatasi neno kwa neno, usimwulize mtu, usinipigie. Akaenda akapita. Kwake yeye kalvati letu lilikuwa la kwanza. La pili, tatu, baada ya, kabla ya: maneno haya yote yana mguu mmoja mahali mtu alikotoka. Nikaandika upya: "kalvati lililo mkabala na transfoma." Mkabala ni mkabala hata ukija kinyumenyume.

Kuhusu alama nimejifunza kuzigawa mara mbili. Kuna alama ya kukuambia umefika mji, na kuna alama ya kukuambia kata hapa. Boma la Wajerumani, lile jengo jeupe la mwaka 1895 lililo kwenye mteremko wa kilima, ni alama nzuri sana ya kwanza. Mgeni akiliona anajua yuko Mikindani, apunguze mwendo, azime redio. Lakini huwezi kumwambia mtu akate kwenye Boma, kwa kuwa analiona akiwa mbali, na dereva akishaona alama huanza kutafuta pa kukata papo hapo. Alama ya kukata iwe ndogo, iwe karibu na njia yenyewe, ionekane ukiwa mita hamsini tu. Kwetu ni ile transfoma juu ya nguzo mbili.

Na iwe kitu kisichohama. Mwaka mmoja niliandika "ukuta mwekundu." Ulikuwa ukuta wa duka uliopakwa rangi ya kampuni ya simu, unawaka kiasi kwamba huwezi kuukosa. Wiki moja kabla ya kisomo wakaja mafundi wakaupaka rangi ya kampuni nyingine. Sikuwa na habari, maana mimi niko Mtwara mjini na mwaliko nilishautuma. Kibanda cha wakala nacho ni hivyo hivyo, na fundi cherehani, na kijiwe cha bodaboda ambacho kinahama kufuata kivuli: asubuhi kiko huku, alasiri kiko kule. Msikiti hauhami. Nguzo ya umeme, mbuyu, kalvati na kisima cha zege ni vitu vya kuaminika. Vibao vya namba za nyumba vilivyowekwa wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022 navyo vinasaidia, ila kibao ni cha kumthibitishia mtu aliyekwisha simama mlangoni. Aliye ndani ya gari linalotembea hakisomi.

Kitu kimoja zaidi ambacho mialiko mingi haina ni alama ya kupitiliza. Mtu akipotea hajui kwamba amepotea, anaendelea tu kwa imani. Kwa hiyo nawaandikia wote wawili. Unayetoka Lindi, ukiona nyumba za Mikindani zimekwisha na barabara inaifuata ghuba kuelekea Mtwara mjini, umepitiliza. Unayetoka Mtwara, ukiona bahari imebaki nyuma yako, umepitiliza. Mistari hiyo miwili imenipunguzia simu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuandika.

Sasa niseme habari ya lokesheni, maana vijana wataniuliza kwa nini nateseka hivi wakati simu zipo. Nilituma lokesheni. Ndiyo iliyowapeleka wakwe zetu uani. Nilikuwa nimekaa jikoni na mama, nikabonyeza nikatuma. Pini ikaanguka pale nilipokaa, yaani nyuma ya nyumba. Ramani ya simu haijui nyumba ina uso na mgongo. Inachofanya ni kukuleta kwenye barabara iliyo karibu zaidi na pini, na barabara iliyokuwa karibu zaidi na jiko letu ni kile kichochoro cha juu.

Siku hizi nafanya hivi. Natoka nje ya geti ninalotaka watu waingilie, nasimama mahali penye anga wazi, siyo chini ya bati wala chini ya mwembe, na nasubiri. WhatsApp inaonyesha usahihi wa mahali kwa mita. Mara ya kwanza utaona labda 40, ukisubiri kidogo inashuka. Mita 40 kwetu ni umbali wa kutoka geti moja hadi jingine, kwa hiyo situmi mpaka iwe chini ya 10. Halafu natuma ile ya mahali nilipo sasa, siyo ya moja kwa moja. Ile ya moja kwa moja ina muda, ama dakika 15, ama saa moja, ama saa 8, na inakufuata uendako. Mwaka mmoja binamu yangu aliwatumia watu wa Masasi ile ya saa moja. Walipofika Mtama ilikuwa imeshakufa, na kabla haijafa ilikuwa inawaonyesha sokoni, maana binamu alikuwa ameenda kununua nyanya.

Wanaopenda namba za ramani nawapa pia, ila nazinakili, siziandiki kwa mkono. Mikindani iko karibu na `-10.28, 40.12`. Hiyo yenye tarakimu mbili baada ya nukta inakufikisha mjini tu, unaweza kukosea kwa kilomita moja. Ya getini iwe na tarakimu tano, hapo kosa ni la mita moja hivi. Na ile alama ya kutoa mwanzoni ina maana tuko kusini ya ikweta. Mjomba mmoja aliziandika kwenye daftari akaiacha ile alama, akazisoma kwa dereva wake. Dereva akamwambia, "Mzee, hapa panaonyesha Ethiopia." Na ni kweli, 10.28 bila alama ya kutoa ni kaskazini, na ukiambatanisha na 40.12 unaangukia Ethiopia.

Nirudi kwenye mageti, kwa sababu hapo ndipo heshima ya shughuli ilipo. Nyumba ya babu ina mageti mawili. Moja liko upande wa chini, linatazama bahari. Ni jembamba, la mbao, lina ngazi tatu, na linakupeleka moja kwa moja barazani ambako wanaume wanakaa na kisomo kinasomwa. Jingine liko upande wa juu, la chuma, pana mita 3, nalo linafunguka uani, penye mafiga, kisima na kina mama. Zamani tuliyaita geti la mbele na geti la nyuma. Lakini mgeni anayepanda njia yetu hajui mbele ya nyumba ni wapi, na geti la chuma pana linamvutia kwa sababu ndilo linaloonekana kama geti. Kwa hiyo nikayabadilisha majina kwenye mwaliko: geti la bahari na geti la kilima. Mtu akishajua bahari iko wapi, anajua geti lake.

Geti la bahari ni la wageni wote. Wanawake wageni wanaingilia hapo pia, wanapokelewa na wifi yangu na kupelekwa chumba cha ndani kwa mlango wa ubavuni. Geti la kilima ni la kina mama wa jikoni, wa maji, na wa kuleta vyombo. Liko wazi kwa mtu mmoja zaidi, anayetumia kiti cha magurudumu, kwa kuwa ngazi tatu za geti la bahari hazipandiki. Huyo naomba anipigie akifika kwenye transfoma, ili kina mama wajue mapema na njia itandikwe. Mwaka jana bibi yetu mdogo aliingia hivyo, uani kukiwa kumeshatengenezwa, na alikaribishwa kwa vigelegele.

Hakuna gari linaloingia geti la kilima, hata kama linatosha. Chini ya ua wetu kuna karo la choo, na mfuniko wake wa zege umefunikwa na mchanga, hauonekani. Mfuniko ule ulimwagwa kwa ajili ya miguu ya watu, haukumwagwa kwa ajili ya Kanta iliyopakia viti na maturubai. Siku ya kuleta maturubai tunauzungushia mawe na kijana mmoja anasimama hapo, na Kanta inabaki nje, vitu vinabebwa kwa mikono.

Magari basi yanakwenda wapi? Juu ya nyumba kuna kiwanja cha jirani ambacho anatuazima. Mwaka wa kwanza yaliingia magari 9 kikawa kimejaa, kila mtu kaweka lake anavyoona, la kumi likazuia yote. Tulipokuja kukipima, kiwanja kina upana wa mita 15 na urefu wa mita 24 tukiacha ukingo wa miti. Gari dogo likipewa mita 5 kwa 2 na nusu linafunguka milango vizuri. Safu moja ubavu huu, safu moja ubavu ule, katikati panabaki mita 5 za kupita. Kwa urefu safu moja ingebeba 9, tunapoteza moja kila upande kwa ajili ya mlango wa kiwanja, yanabaki 8 na 8. Kwa hiyo kiwanja kile kile kilichojaa kwa 9 kinabeba 16. Tunachora mistari kwa majivu ya jikoni asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Ile njia ya katikati ni finyu kidogo, mwenye gari refu atakata usukani mara mbili, lakini anaingia.

Ninawaomba waingie kwa rivasi. Mchana, wakati wa kuingia, kuna mwanga na kuna kijana wa kumwongoza dereva. Wakati wa kutoka ni karibu na magharibi, na Julai giza huku linashika saa 12 na nusu, watoto wamezagaa, kila mtu anataka kuondoka pamoja. Anayetoka kwa pua mbele anaona mtoto.

Ukingo wa kiwanja una mikorosho, na hapa naandika kwa herufi nzito. Julai mikorosho iko kwenye maua. Maua ya mkorosho yanatoka kwenye ncha za matawi ya nje, yale yanayoning'inia chini karibu na ardhi, siyo ndani ya mti. Kwa hiyo gari likirudi nyuma likajipenyeza chini ya mkorosho kutafuta kivuli, linachokikwangua ndicho hasa ambacho kingekuwa korosho za Oktoba. Mwenye gari haoni kitu, anaona majani tu. Jirani anaona kilo zake ziko chini. Tunaweka kamba mita moja na nusu kutoka kwenye matawi, na nyuma ya kamba tunafagia majani makavu, kwa sababu bomba la moshi la gari lililotembea kutwa likitua juu ya majani ya mkorosho yaliyokauka, moto si jambo la kushangaza.

Kivuli kipo, ila ni cha mwembe mkubwa ulio katikati ya ubavu mmoja. Julai jua la huku linapita kaskazini yetu, yaani upande wa bahari, kwa hiyo mchana kivuli kinaangukia upande wa kilima. Wenye kuleta wagonjwa na watoto wachanga tunawawekea nafasi hizo. Mnazi uliopo karibu na mlango wa kiwanja hatupaki chini yake kabisa, na hakuna mtu anayekaa hapo, nazi haipigi hodi. Na upepo wa kusi unavuma kutoka kilimani kwenda baharini, hivyo moshi na cheche za mafiga zinakwenda upande wa pili, magari yako salama. Shida ilikuwa barazani, moshi wote ulikuwa unawafikia wasomaji, mpaka tukahamisha mafiga kwenye kona ya ua ili upite ubavuni mwa nyumba.

Kosta haipandi. Ina urefu wa karibu mita 7 na njia yetu ina mita 4, inaweza kupanda ikiwa imenyooka lakini pa kugeuzia hapana. Inashusha watu kwenye transfoma na kwenda kupaki uwanjani kwa mzee mvuvi, upande wa bahari, ambako tumeomba ruhusa. Kutoka kwenye transfoma ni mita 150 za kupanda. Wazee wanapandishwa kwa gari dogo la mjomba linalosubiri pale kuanzia saa 3 asubuhi.

Mchanga wa kiwanjani nao una tabia yake. Gari likianza kuzama, usikanyage mafuta, tairi litajichimbia kaburi. Zima, shuka, tuite. Tunapunguza upepo kidogo, tunatandika makuti mbele ya tairi, vijana wanasukuma, linatoka. Pampu ya kurudishia upepo tunayo.

Huu ndio mwaliko wa mwaka huu, kama ulivyotumwa:

"Assalamu alaykum wapendwa wa ukoo. Mnakaribishwa kwenye kisomo cha marehemu babu, nyumbani kwake Mikindani, Jumamosi saa 4 asubuhi ya kwetu (simu yako itasoma 10:00). Chakula baada ya adhuhuri, kikao cha ukoo saa 8 mchana.

Ukiliona Boma jeupe kilimani, umefika Mikindani. Punguza mwendo. Tafuta transfoma juu ya nguzo mbili, iko upande wa kilima, mkabala na kalvati. Kata hapo kuelekea kilimani, iache bahari mgongoni. Kosta zishushie hapo hapo kwenye transfoma, zisipande.

Panda mita 150. Geti dogo la mbao lenye ngazi tatu, mkono wa kulia, ndilo geti la bahari. Wageni wote wanaingilia hapo. Dereva ashushe watu, kisha aendelee kupanda, alipite geti la chuma bila kuingia, na aingie kiwanja chenye kamba, mkono wa kulia. Apaki kwa rivasi ndani ya mistari, asipite kamba, na aache namba ya simu kwenye dashibodi. Arudi kwa miguu hadi geti la bahari.

Geti la chuma ni la jikoni. Mwenye kiti cha magurudumu anipigie akiwa kwenye transfoma, tutamfungulia.

Ukitoka Lindi ukaona nyumba zimekwisha na barabara inaifuata ghuba, umepitiliza. Ukitoka Mtwara ukaona bahari imebaki nyuma, umepitiliza. Wa mabasi ya Dar, mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Mikindani, usipelekwe hadi stendi ya Mtwara. Atakayefika usiku wa Ijumaa, taa ya geti la bahari itawaka mpaka alfajiri."

Kwa wazee wasiosoma nimerekodi sauti, sentensi zile zile, taratibu, nikawatumia kwa simu za wajukuu. Bibi mdogo alisikiliza mara mbili halafu akauliza kwa nini sikutaja kisima, maana yeye anaijua nyumba ile kwa kisima. Kisima kiko ndani ya uzio, mgeni hakioni. Lakini rekodi yake nimeirudia, nikataja kisima.

Kuna jambo moja nililoongeza jana jioni. Nilipanda njia ile kwa miguu wakati wa magharibi, kama mgeni wa Ijumaa atakavyopanda, na nikagundua transfoma haionekani gizani, ni weusi juu ya weusi. Nimezungumza na mwenye duka la mkabala, ataacha balbu yake ya nje ikiwaka usiku ule na mimi nitamnunulia umeme. Leo asubuhi nimetuma mstari mmoja wa nyongeza kwenye kundi: "Usiku, transfoma iko mkabala na balbu inayowaka barazani kwa duka." Shangazi wa Newala amejibu wa kwanza: "Nimeona mwanangu. Mwaka huu siipiti."